Nimezungusha eneo moja kwenye x = 3 na kwenye x = −1, majibu yametoka sawa. Nimekosea wapi?

Zuhura_K

Habari zenu wakuu. Nina swali limeninyima usingizi tangu juzi, naomba mnisaidie.

Eneo ni lile lililofungwa kati ya parabola y = x² na mstari y = 2x. Vinakutana kwenye (0, 0) na (2, 4). Sehemu (a) inataka ujazo wa umbo linalopatikana eneo likizungushwa kwenye mstari x = 3. Sehemu (b) ni eneo lilelile, ila linazungushwa kwenye x = −1.

Nilianza na maganda, nikakata vipande vya wima:

```
(a)  V = 2π ∫₀² (3 − x)(2x − x²) dx = 16π/3
(b)  V = 2π ∫₀² (x + 1)(2x − x²) dx = 16π/3
```

Majibu kufanana kulinitia shaka. Mistari miwili tofauti, mmoja kulia na mwingine kushoto, itoe ujazo uleule? Nikasema ngoja nihakikishe (a) kwa washa. Nikakata vipande vya ulalo, kwa hiyo nikageuza: parabola ikawa x = √y, mstari ukawa x = y/2. Kwa kuwa √y ndiyo iko kulia, nikaichukua kuwa ya nje:

```
V = π ∫₀⁴ [ (3 − √y)² − (3 − y/2)² ] dy = −16π/3
```

Sasa nina hasi. Kwenye mhimili wa y sijawahi kupata hasi hata siku moja, na √y huwa ndiyo ya nje. Kipi hapa ni sahihi?

Kasi21

Hasi isikutishe dada, ujazo hauwezi kuwa hasi. Futa alama, andika 16π/3, umemaliza. Na majibu ya (a) na (b) kuwa sawa ni kwa sababu eneo lako lina ulinganifu. x = 3 na x = −1 zote ziko hatua 2 kutoka x = 1, na x = 1 ndiyo katikati ya eneo. Hakuna kosa hapo.

Tumaini B

Samahani Kasi21, mimi naona (b) si sahihi kabisa. Nimeifanya upya kwa washa. Mstari uko chini ya eneo kwa hatua moja, kwa hiyo kila nusukipenyo inaongezeka 1. Ya nje ni 2x + 1, ya ndani ni x² + 1.

```
V = π ∫₀² [ (2x + 1)² − (x² + 1)² ] dx = 104π/15
```

Nimerudia mara mbili, inatoka hivyohivyo. Zuhura angalia tena (b).

Mzee wa Chaki

Nianze na Tumaini, maana hesabu yake ni safi ila imejibu swali lingine. Ulichozungusha ni kwenye y = −1. Mstari x = −1 umesimama wima, unapita pointi zote ambazo x yake ni −1, kwa hiyo uko kushoto kwa eneo na si chini yake. Najua unakotoka mkanganyiko: mhimili wa x umelala, basi mtu akiona "x = kitu" anaulaza mstari pia. 104π/15 ni jibu sahihi la y = −1, lihifadhi.

Sasa Zuhura. Maganda yako yote mawili ni sahihi. Kosa liko kwenye washa, nalo ni dogo sana kwa macho. Usiangalie integrali kwanza. Chukua urefu mmoja tu, y = 1, uchore ukanda mmoja wa ulalo. Ukanda huo unaanzia kwenye mstari, x = 0.5, unaishia kwenye parabola, x = 1. Sasa simama juu ya x = 3 uangalie kushoto. Kutoka hapo hadi parabola ni 3 − 1 = 2. Kutoka hapo hadi ule mstari ni 3 − 0.5 = 2.5. Kilicho mbali ni mstari. Kwa hiyo ukanda ukizunguka, mwisho wake wa kushoto ndio unaochora duara la nje, na parabola inachora tundu la katikati.

Neno "nje" kwenye washa halina uhusiano na kulia wala juu. Lina maana moja tu: mbali na mstari unaouzungukia. Ulipokuwa unazungusha kwenye mhimili wa y, mhimili ulikuwa kushoto, basi cha kulia kilikuwa pia ndicho cha mbali, na mazoea hayo yakakaa. Mstari ukihamia upande wa kulia wa eneo, vinabadilishana nafasi.

```
V = π ∫₀⁴ [ (3 − y/2)² − (3 − √y)² ] dy
  = π ∫₀⁴ ( 6√y − 4y + y²/4 ) dy
  = π ( 32 − 32 + 16/3 ) = 16π/3
```

Kwa (b) mstari uko kushoto, kwa hiyo parabola inarudi kuwa ya nje: nusukipenyo ya nje ni √y + 1, ya ndani ni y/2 + 1. Ukiifungua inabaki 2√y − y²/4, nayo inatoa 16π/3.

Kila mara mimi huandika nusukipenyo kwa njia moja: umbali, yaani kubwa toa ndogo. Mstari wa kuzungukia ukiwa kulia, namba yake ndiyo kubwa, ninaiandika mbele: 3 − x. Ukiwa kushoto, x ndiyo kubwa: x − (−1), ambayo ni x + 1. Siulizi kama ni kujumlisha au kutoa. Alama inajitokeza yenyewe.

Zuhura_K

Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye kusimama juu ya x = 3 na kuangalia kushoto nimeelewa, nimechora nikaiona. Ila bado sijatulia kuhusu majibu kufanana. Nimejaribu hiyo y = 1 yako kwa mistari yote miwili. Kwenye x = 3 washa ina eneo π(2.5² − 2²) = 2.25π. Kwenye x = −1 ni π(2² − 1.5²) = 1.75π. Ni washa tofauti kabisa! Inakuwaje jumla iwe sawa? Na Kasi21 anasema eneo lina ulinganifu, lakini nikiliangalia kwenye mchoro ni kama jani lililoinama. Nikilikunja kwenye x = 1 halilaliani.

Mzee wa Chaki

Marahaba binti. Swali hili nimelipenda, maana umegusa mahali ambapo Kasi21 yuko karibu na ukweli ila hajaufikia.

Eneo halina ulinganifu kwenye x = 1, uko sahihi. Chenye ulinganifu ni vimo vya vipande vya wima. Kipande cha x = 0.5 kinaanzia 0.25 hadi 1, kimo chake 0.75. Kipande cha x = 1.5 kinaanzia 2.25 hadi 3, kimo chake nacho 0.75. Kimoja kiko chini, kingine kiko juu, lakini urefu ni mmoja. Kanuni ya kimo, 2x − x², ni ileile ukiandika 1 − (x − 1)², na hapo unaona kabisa kwamba kinachojali ni umbali kutoka x = 1 tu.

Sasa fuatilia maganda. Ukizungusha kwenye x = 3, kipande cha x = 0.5 kinapata nusukipenyo 2.5, na cha x = 1.5 kinapata 1.5. Ukizungusha kwenye x = −1 vinabadilishana: cha 1.5 kinapata 2.5, cha 0.5 kinapata 1.5. Kwa kuwa vimo ni sawa, ganda lenye nusukipenyo 2.5 lina ujazo uleule kwenye maumbo yote mawili. Limekaa kwenye kimo tofauti tu, kama ngozi za kitunguu ulizozipandisha na kuzishusha bila kuzikata. Kwa hiyo maumbo ni mawili tofauti, ujazo ni mmoja.

Ndiyo maana washa zako hazifanani. Washa inakata kwa urefu mmoja, na kwenye urefu huo maganda yaliyokatwa si yaleyale. Jaribu y = 3 utaona mambo yamegeuka: kwenye x = 3 utapata kama 0.64π, kwenye x = −1 kama 1.21π. Kilichozidi chini kinapungua juu.

Fundi Kerezo

Mimi si mtu wa darasani, nakereza vyuma. Lakini hili la majibu kufanana kwangu ni jambo la kila siku. Nikitaka kujua pete itakula chuma kiasi gani, sihangaiki na integrali. Nachukua eneo la mkato wa pete, natafuta katikati yake pa uzito, halafu nazidisha kwa njia ambayo hiyo katikati inatembea ikizunguka mara moja. Zuhura, eneo lako ni ngapi?

Zuhura_K

Eneo ni ∫₀² (2x − x²) dx = 4/3.

Fundi Kerezo

Basi katikati yake iko x = 1, kwa vile vimo vinalingana pande zote mbili kama mzee alivyosema. Kutoka 1 hadi 3 ni 2. Kutoka 1 hadi −1 ni 2. Njia ni 2π × 2 = 4π. Zidisha kwa 4/3, ni 16π/3. Mistari yote miwili, mara moja.

Mzee wa Chaki

Fundi ametumia kanuni ya Pappus wa Aleksandria, ya karne ya 4. Paul Guldin aliitoa tena katika karne ya 17, ndiyo maana wengine huitaja kwa majina yote mawili. Ni kipimo kizuri sana cha kuhakikisha jibu, mradi mstari usikate eneo.

Sasa nirudi kwa Kasi21, maana "futa alama" imeniuma kidogo. Hapa imeokoa jibu kwa sababu Zuhura alibadilisha nafasi ya nje na ndani kwa eneo zima. Kosa lote likageuka kuwa alama moja tu. Lakini makosa ya nusukipenyo mara nyingi hayaleti hasi. Tuseme kwenye (a) mtu kaandika x + 3 badala ya 3 − x:

```
2π ∫₀² (x + 3)(2x − x²) dx = 32π/3
```

Ni chanya, inapendeza, na ni uongo mtupu. Huo ni ujazo wa kuzungusha kwenye x = −3. Kwa washa ndio hatari zaidi, kwa sababu kipeo cha pili kinameza alama: (√y − 3)² na (3 − √y)² ni kitu kimoja, huonywi chochote ukichanganya mpangilio. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wapime ukanda mmoja kwa namba kabla ya kuintegreti. Kama nusukipenyo ya kipande cha x = 0.5 kutoka x = 3 haikutoka 2.5, simama hapohapo.

Kasi21

Nimekubali mzee, kuhusu alama na kuhusu ulinganifu. Nilikuwa nimeangalia kanuni ya kimo, sikuangalia mchoro.

Nuru77

Naomba niingie na langu, maana linafanana na hili. Niliwahi kupewa eneo hilihili lakini mstari ukawa x = 1. Nikatumia maganda, nusukipenyo x − 1:

```
2π ∫₀² (x − 1)(2x − x²) dx = 0
```

Sifuri. Niliikodolea macho ile sifuri hadi muda ukaisha. Umbo lipo, nimelichora, lina unene, halafu ujazo wake sifuri! Baadaye mwenzangu akaniambia niweke thamani halisi, |x − 1|, nikapata π. Hiyo ni sahihi?

Fundi Kerezo

Hata njia yangu inakupa sifuri hapo. Katikati iko juu ya mstari wenyewe, haitembei popote.

Kasi21

Basi ni π. Umbali lazima uwe chanya, kwa hiyo thamani halisi. Gawanya kwenye x = 1, upande wa kushoto nusukipenyo 1 − x, upande wa kulia x − 1. Kila upande unatoa π/2.

Mzee wa Chaki

Hapa twende polepole. Mstari umepita katikati ya eneo. Kasi21, umbali umeuweka vizuri, na kila upande kweli unatoa π/2. Tatizo ni kwamba upande wa kushoto ukizunguka unaingia mahali ambapo upande wa kulia nao unapita, na sehemu hiyo umeihesabu mara mbili.

Chukua vipande viwili vilivyo umbali 0.1 kutoka x = 1. Cha kulia, x = 1.1, kinaanzia 1.21 hadi 2.2. Cha kushoto, x = 0.9, kinaanzia 0.81 hadi 1.8. Vyote vinachora ganda la nusukipenyo 0.1, na kati ya 1.21 na 1.8 ni chuma kilekile. Kuna 0.59 ya kimo iliyohesabiwa mara mbili.

Kwa umbali t kutoka mstari, sehemu inayoingiliana ina kimo (2 − 2t) − (1 + t)², yaani 1 − 4t − t². Inaisha pale t inapofika √5 − 2, kama 0.236. Baada ya hapo kipande cha kulia kiko juu kabisa ya cha kushoto, haviguswi. Kwa hiyo tunatoa:

```
2π ∫ t(1 − 4t − t²) dt,  kutoka 0 hadi √5 − 2  ≈ 0.06
```

Umbo lenyewe, kama kitu unachoweza kukishika, lina ujazo wa kama 3.08. π ni kama 3.14. Tofauti ni ndogo kwa sababu mwingiliano uko karibu sana na mstari, ambako maganda ni membamba. Eneo lingine linaweza kukupa tofauti kubwa.

Nuru77

Lakini majibu yaliyoambatanishwa na swali yalisema π. Nimeyatafuta sasa hivi nikayasoma tena.

Kasi21

Basi mtunzi alitaka ile ya kujumlisha pande mbili. Mzee, kwenye mtihani tuandike ipi?

Mzee wa Chaki

Swali likisema "ujazo wa umbo linalopatikana", mimi nitasimama na 3.08, maana umbo ni moja na chuma hakiwi mara mbili mahali pamoja. Likisema eneo lizungushwe nusu mzunguko tu, digrii 180, jibu halibadiliki, kwa sababu pande mbili zinachora nusu mbili kila mmoja, na bado… ngoja. Hapana, linabadilika. Kwenye nusu mzunguko, upande wa kulia unafagia nusu ya mbele, wa kushoto unafagia nusu ya nyuma, haviingiliani kabisa. Jumla ni π/4 + π/4, yaani π/2. Nimefurahi nimesimama kabla sijaandika uongo.

Mtunzi wa swali la Nuru huenda alikusudia kitu kingine ambacho hakukiandika. Bila maneno kamili ya swali siwezi kumsemea.

Nuru77

Maneno yalikuwa "zungusha eneo kwenye mstari x = 1, tafuta ujazo". Basi, hakuna zaidi.

Tumaini B

Kwa maneno hayo mimi ningeenda na Mzee. Lakini mwenye kusahihisha ana karatasi yake ya majibu.

Zuhura_K

Nimejipa zoezi mwenyewe kabla sijalala: eneo lilelile, mstari y = 4. Mstari umelala juu ya eneo, unaligusa kwenye (2, 4) tu, haulikati. Nilipima ukanda wa x = 1 kwanza. Parabola iko kwenye 1, mstari y = 2x uko kwenye 2. Kutoka 4 kushuka ni hatua 3 na hatua 2. Kwa hiyo parabola, iliyo chini, ndiyo ya nje.

```
washa:   π ∫₀² [ (4 − x²)² − (4 − 2x)² ] dx = 32π/5
maganda: 2π ∫₀⁴ (4 − y)(√y − y/2) dy       = 32π/5
```

Nikataka kuhakikisha na kwa njia ya Fundi, ila sikujua katikati iko urefu gani. Kwa hiyo nikarudi nyuma: 32π/5 gawanya kwa 4/3, gawanya kwa 2π, inatoka 2.4. Kwa hiyo katikati iko 4 − 2.4 = 1.6 kwenda juu. Nikaipima kwa ile 104π/15 ya Tumaini: kutoka −1 hadi 1.6 ni 2.6, na 2π × 2.6 × 4/3 inatoa 104π/15 kamili.

Tumaini, jibu lako limenifaa.

Fundi Kerezo

1.6 hiyohiyo. Nimekata jani lako kwenye karatasi ngumu, nikalisawazisha kwenye ncha ya sindano. Limetulia karibu na (1, 1.6).